Kidole Kimoja Pembeni: Sindano za Mwanangu

Wamama wenzangu, mwenye kuandika haya ni mama wa watoto wanne, hapa Kadutu, muuza sambaza. Wengi wenu mnaniona sokoni na beseni langu. Wachache wanajua kwamba kila siku, asubuhi na jioni, ninampiga mtoto wangu wa tatu sindano. Tangu Oktoba 2023 hatujaruka hata siku moja. Nimeombwa nieleze tulivyofika hapo, na hasa kosa moja nililolifanya kwa miezi kadhaa bila kujua, kwa sababu nimegundua kwamba si mimi peke yangu niliyelifanya.

Mtoto alikuwa na miaka saba. Kwanza alianza kunywa maji kupita kiasi. Alikuwa akirudi kutoka masomo, anainamia bidoni, anakunywa vikombe vitatu mfululizo. Kisha akaanza kukojoa kitandani, yeye ambaye alikuwa ameacha tangu miaka mitatu. Nilimkaripia. Ninaandika neno hilo kwa aibu: nilimkaripia na nikamnyima maji usiku. Ndani ya wiki tatu suruali yake ya masomo ikawa inaanguka, tukaifunga kwa kamba. Tulimpeleka kwenye kituo kimoja cha karibu, wakasema ni malaria, tukapewa dawa. Siku ya tatu ya dawa akaanza kutapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa nguvu na haraka kama mtu aliyepanda mlima mbio, na mdomo wake ukawa unanukia kama matunda yaliyoiva sana. Baba yake akambeba mgongoni hadi barabarani, tukapanda pikipiki watatu mpaka hospitali kubwa.

Kule wakamchoma kidole, wakaweka tone la damu kwenye mashine ndogo. Mashine haikutoa namba. Iliandika HI. Muganga akanieleza maana yake ni kwamba sukari iko juu kuliko mashine inavyoweza kuhesabu. Akaniuliza habari za kiu, mkojo na kukonda, nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kama mtu angeniuliza maswali hayo matatu wiki mbili mbele, tusingefika pale.

Alilazwa siku tisa. Siku ya nne, alipoanza kukaa na kuomba chakula, muganga alituita mimi na baba yake. Alisema kongosho la mtoto limeacha kutengeneza insulini. Insulini ndiyo inayofungulia sukari mlango iingie mwilini. Ikikosekana, sukari inabaki kwenye damu huku mwili unakufa njaa. Si kwa sababu alikula pipi, wala si kwa sababu ya mtu fulani. Na hakuna kidonge wala mzizi unaorudisha insulini hiyo. Inaingia kwa sindano, kila siku, maisha yote.

Mama mkwe wangu alikuwepo. Akasema, “Muganga, tunasikia mtu akianza sindano hizo hazimwachi mpaka zimuue.” Muganga hakumdharau. Akamjibu, “Mama, kabla ya mwaka 1922 watoto wote wenye ugonjwa huu walikufa. Januari ya mwaka huo, kule Toronto, mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson alipigwa insulini, wa kwanza duniani. Alikuwa amebaki mifupa. Akaishi miaka mingine 13. Watu wanaona mgonjwa anakufa akiwa na sindano, wanasema sindano imemuua. Mara nyingi amekufa kwa sababu aliziacha.” Bibi akanyamaza. Tangu siku ile hajasema tena neno baya juu ya sindano, na ndiye anayekumbuka saa kuliko mimi.

Basi ikabaki mimi kujifunza. Muuguzi, mama mtu mzima, akaniletea chungwa, seringi na chupa ya maji. “Ngozi ya chungwa inafanana na ngozi ya mtu,” alisema. Nililichoma chungwa lile mpaka likavuja. Kwa chungwa nilikuwa hodari. Lakini aliponipa seringi yenye dawa ya kweli na mtoto akaniangalia, mkono ulianza kutetemeka hadi sindano ikawa inacheza hewani. Nikasema, “Mama, siwezi.” Akanijibu, “Utaweza, kwa sababu mimi sitakuja kulala kwako.” Kisha akamwambia mtoto, “Papa, hesabu mpaka kumi kwa sauti, mama yako asikie.”

Nitaeleza hatua kama alivyonifundisha, maana ndizo ninazofuata mpaka leo.

Ninanawa mikono kwa sabuni. Ninaangalia chupa: jina ni lile lile, tarehe haijapita. Insulini ya mwanangu ni ile iliyochanganywa, ya haraka na ya polepole pamoja, kwa hiyo inakuwa nyeupe kama maji yaliyotiwa maziwa. Ikikaa, unga unatulia chini. Ninaizungusha kati ya viganja polepole kama mara ishirini mpaka iwe ya namna moja. Haitikiswi, maana povu linadanganya kipimo. Ikiwa kuna vipande vinavyoelea au unga umeshika kwenye kioo, haitumiki. Seringi nayo lazima iwe imeandikwa 100, kama chupa ilivyoandikwa 100. Seringi yenye namba nyingine itapima dawa vibaya, hata ukihesabu vizuri namna gani.

Kisha ninavuta hewa kiasi cha kipimo, ninaisukuma ndani ya chupa, ninageuza chupa kichwa chini na kuvuta dawa. Nikiona mapovu ya hewa, ninagonga seringi kwa ukucha yapande, ninayarudisha, ninavuta tena. Halafu ninainua ngozi kwa vidole viwili, kama mtu anayeinua kitambaa kutoka mezani, ili sindano iishie kwenye mafuta chini ya ngozi na isiingie kwenye nyama. Ninachoma, ninasukuma taratibu, na mtoto anahesabu mpaka kumi kabla sijatoa. Hakuna kusugua.

Yale kumi si mchezo. Siku ya kwanza nyumbani, mtoto alilia na mimi nikachomoa haraka. Nikaona tone la dawa juu ya ngozi. Ni kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimetoka? Nilikuwa nimeshika seringi tayari kuvuta tena, ndipo nikakumbuka kumpigia muuguzi simu. Akasema, “Usirudie. Hujui kilichoingia, na ukiongeza unaweza kumwangusha. Leo sukari ikipanda kidogo tutaona. Mpime jioni kama kawaida.” Jioni ilikuwa juu, lakini mtoto alikuwa anacheza. Nimelishika neno lile: ukiwa na mashaka kama dawa imeingia, pima na uulize, usichome mara ya pili.

Kipimo chake wakati ule, akiwa na kilo 20, kilikuwa uniti 10 asubuhi na 5 jioni. Ninaandika namba hizo ili mfuate hadithi, si ili mama mwingine azitumie. Kila mtoto ana kipimo chake, nacho hubadilika anavyokua.

Siku yetu ikapangwa kuzunguka sindano hizo. Saa kumi na mbili asubuhi ninampima kidole, ninampiga sindano, kisha ninaweka uji motoni. Kwa insulini ile anakula nusu saa baada ya sindano. Mwanzoni niliona dakika thelathini hizo ni bure, nikawa ninampa chakula mara moja. Sukari ikawa inapanda baada ya kula halafu inashuka kabla ya saa sita. Sasa nusu saa hiyo anavaa, anafunga viatu, anapanga daftari. Saa nne anakula ndizi moja kwenye masomo. Mwalimu wake anajua, hamzuii. Mchana ni bugali na sambaza au maharagi, na mboga nyingi, lenga-lenga au sombe. Bugali haijakatazwa. Tulichokubaliana na muuguzi ni kwamba donge liwe na ukubwa ule ule kila siku, ngumi yake mbili, kwa sababu dawa ya asubuhi imeshapangwa na haiwezi kujua kama leo tumempikia kingi au kidogo. Saa kumi na mbili jioni ninampima tena na kumpiga ya pili, saa kumi na mbili na nusu tunakula wote. Kabla ya kulala anapata kitu kidogo.

Vijikaratasi vya kupimia ni ghali, mnajua maisha yetu. Kwa hiyo tunapima mara mbili, na mara ya tatu tu nikiona dalili. Kila namba inaandikwa kwenye daftari la mistari: tarehe, saa, sukari, uniti. Daftari hilo ndilo lililonifichulia kosa langu.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe.

Muuguzi alikuwa amenionyesha sehemu nne: tumbo, mapaja, matako, na nyuma ya mkono kwa juu. Alisema nibadilishe. Lakini mtoto alichukia tumbo, alikuwa anakaza misuli na kulia. Siku moja nikachoma paja la kuume, upande wa nje, hakulia. Kesho yake nikarudi hapo hapo, hakulia. Kwa mama ambaye kila asubuhi anamliza mtoto wake, mahali pasipouma ni zawadi. Nikakaa hapo. Sikutoka Desemba mpaka Aprili. Mtoto mwenyewe alikuwa akinionyesha kwa kidole, “Hapa, Mama.” Nilifikiri tumepata kuzoea.

Mwezi wa tatu namba zikaanza kuchafuka. Asubuhi moja 280, kesho 120, keshokutwa 310. Chakula ni kile kile, kipimo ni kile kile. Niliwashuku watoto wa jirani kwamba wanampa biskuti. Nilimshuku bibi. Nilishuku hata chupa, nikabadilisha chupa kabla ya siku zake, hasara juu ya hasara. Kwenye mashauri, muganga akaangalia daftari, akaona sukari iko juu siku nyingi, akapandisha dawa: 13 asubuhi na 7 jioni. Ilionekana kusaidia kidogo, kisha ikachafuka tena.

Jioni moja ya Aprili mtoto alianguka akicheza mpira kwenye ngazi za mtaa wetu, akachubuka goti na paja lile la kuume. Damu, vumbi, kilio. Sikuweza kuchoma hapo. Nikamshika kwa nguvu, nikachoma tumbo. Uniti saba, kama kawaida. Akala, akalala.

Saa nane usiku binti yangu, anayelala naye, akaja kuniamsha. “Mama, njoo. Analowa jasho, na anaongea maneno yasiyoeleweka.” Umeme ulikuwa umekatika. Nilimmulika kwa simu: shati limelowa kama limetoka kwenye beseni, ngozi ya baridi, midomo inatetemeka, macho wazi lakini hanioni vizuri. Nikachoma kidole. 41. Tulikuwa tumefundishwa kwamba chini ya 70 ni hatari ya sukari kushuka, na kwamba hatungojei.

Binti yangu alikuwa ameshaweka vijiko viwili vidogo vya sukari katika nusu kikombe cha maji. Alikuwa na miaka 12, na mikono yake haikutetemeka kama yangu. Kwa bahati njema mtoto aliweza kumeza. Tukamnywesha kidogo kidogo. Tukangoja dakika kumi na tano, ndefu kuliko usiku wenyewe. Nikapima: 63. Tukampa kikombe cha pili. Dakika kumi na tano nyingine: 104. Akaniangalia akasema, “Mama, mbona mmeniamsha?” Hapo ndipo nililia. Tukampa ndizi na kipande cha mkate, kwa sababu maji ya sukari yanainua haraka lakini hayakai, na dawa ilikuwa bado inafanya kazi. Sikulala tena.

Kama angekuwa hawezi kumeza, tusingemmwagia chochote mdomoni, maana angepaliwa. Tulifundishwa kumlaza kwa ubavu, kumpaka asali au sukari iliyolowa kidogo ndani ya shavu, na kumkimbiza hospitali huku tunampaka.

Asubuhi nilikuwa hospitali na daftari mkononi. Niliamini kwamba dawa iliyopandishwa ndiyo imemwangusha, na nilikuwa nimekwenda na hasira. Yule mama muuguzi akasoma, akaniuliza swali moja tu: “Jana ulichoma wapi?” Nikasema tumbo, kwa sababu ya kidonda. “Na siku nyingine?” Nikasema paja. “Paja gani?” Nikaonyesha.

Hakutazama kwa macho. Alipaka mkono wake sabuni na maji kidogo, akafumba macho, akapitisha vidole juu ya paja polepole. Kisha akachukua kidole changu, akakipitisha njia ile ile. Palikuwa na uvimbe, laini, mpana kama andazi dogo lililobonyezwa chini ya ngozi. Kwa macho huwezi kuuona, mpaka mtoto asimame pembeni ya dirisha. Nilikuwa nimemvua na kumvalisha mtoto huyu miezi yote, sikuugusa hata mara moja.

Akanieleza. Insulini ikiingia mahali pamoja kila siku, mafuta ya mahali hapo yanavimba. Uvimbe huo hauumi, ndiyo sababu mtoto anaupenda. Lakini dawa ikiingia ndani yake inakwama: leo inatoka kidogo, kesho nyingi, keshokutwa imechelewa. Ndiyo maana namba zilikuwa zinaruka bila sababu. Muganga anaona sukari juu, anapandisha kipimo. Kipimo kinazoea uvimbe. Halafu siku moja unachoma kwenye ngozi nzima, dawa yote inaingia, na zile uniti 7 zilizokuwa zinafanya kazi kama 4 au 5 sasa zinafanya kazi kama 7. Mtoto anaanguka usiku.

“Kwa hiyo nilimwangusha kwa kuchoma vizuri?” nikauliza.

“Ulimwangusha kwa kuhama ghafla na kipimo cha zamani,” alisema. “Kuhama ni lazima. Lakini ukigundua uvimbe, unakuja kwanza, tunapunguza dawa, ndipo unahama.”

Muganga akarudisha kipimo kwenye 10 na 5 siku ile ile, akataka nipime mara nne kwa siku kwa wiki moja. Wakatupa vijikaratasi vya ziada. Paja la kuume likapewa likizo kabisa. Namba zikatulia: si kila siku nzuri, lakini 130, 160, 110, 180, namba ambazo mtu anaweza kuzielewa. Uvimbe ulichukua miezi kupungua. Mwezi wa kumi ndipo muuguzi alipapasa akasema pamekuwa laini.

Ili nisirudi kwenye tabia yangu, tulitengeneza njia. Mtoto alichora mwili wake kwenye kipande cha katoni, na masikio makubwa ili tucheke. Tumekubaliana hivi: asubuhi ni tumbo, jioni ni paja, kwa sababu dawa haiingii kwa mwendo mmoja kila mahali, na tumbo ni la haraka kuliko paja. Wiki moja upande wa kushoto, wiki inayofuata upande wa kuume. Na ndani ya upande huo, kila siku tunasogea upana wa kidole kimoja kutoka tundu la jana, mbali na kitovu kwa vidole viwili. Akishachomwa, anaweka nukta ya kalamu kwenye katoni. Asipokuwepo kwenye katoni, hajachomwa. Hata bibi, asiyesoma, anaisoma. Na kila Jumapili, akioga, ninapitisha vidole vyenye sabuni kwenye tumbo na mapaja, macho nimefumba.

Kuhusu tumbo alilolichukia, ilikuwa ni baridi. Nilikuwa ninatoa chupa mahali pa baridi na kuchoma mara moja, na dawa baridi inauma. Sasa chupa inayotumika haikai kwenye baridi kali. Nami sina frigo. Chupa ambazo hazijafunguliwa ananitunzia jirani mwenye frigo, katikati, mbali na barafu, kwa sababu insulini iliyoganda imekufa hata kama inaonekana nzima. Jirani huyo umeme ukikatika muda mrefu hafungui mlango. Chupa ninayotumia inakaa kwangu kwenye vyungu viwili vya udongo, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga ninaoulowesha asubuhi na jioni, juu kitambaa kilicholowa. Chupa yenyewe iko ndani ya kopo kavu. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Na Bukavu yetu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, inatuhurumia. Muganga alituambia kwamba Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na wataalamu wa Geneva, walipima insulini kwa joto la kambi ya Dagahaley huko Kenya, kati ya digrii 25 na 37, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba chupa zilibaki na nguvu zao kwa wiki nne. Hilo liliniondolea hofu kubwa.

Lakini wiki nne ni wiki nne. Chupa ina uniti 1,000. Kwa uniti 15 kwa siku, katika siku 28 tunatumia 420. Zaidi ya nusu inabaki, na inatakiwa kutupwa. Mama maskini kutupa dawa iliyobaki nusu ni kama kumwaga sufuria ya chakula. Ninaandika tarehe ya kufungua juu ya chupa kwa kalamu, ili mkono wangu usijidanganye. Seringi zilizotumika zinaingia kwenye bidoni gumu lenye kifuniko, likijaa linapelekwa kituo cha afya. Haziendi kwenye takataka ambako watoto wanachimba.

Februari 2025, M23 walipoingia mji wetu, mnakumbuka siku zile za kujifungia, risasi nje na milango iliyofungwa. Nilikuwa na chupa moja iliyofunguliwa na moja nzima kwa jirani, kwa sababu tangu mwanzo ninaomba chupa inayofuata kabla ya ile ya mkononi kufika katikati. Dawa haikunitisha siku zile. Kilichonitisha ni chakula. Insulini iliyochanganywa ikishaingia, tumbo lazima lipate kitu, na unga ulikuwa umebaki kidogo. Nilimpigia muuguzi simu. Akasema, “Usiache sindano kabisa, hata kama anakula kidogo, akikosa insulini atarudi pale alipokuwa siku ya kwanza. Nipe namba zake na uniambie kilichoko ndani ya nyumba.” Kila jioni nilimtumia sukari na chakula kilichopo, naye akaniambia uniti ngapi. Tulikula uji na maharagi. Tulivuka.

Sasa mtoto ana miaka tisa. Uniti zimepanda kwa sababu amekua, si kwa sababu ya uvimbe. Anainua ngozi mwenyewe, anachagua mahali akiangalia katoni, wakati mwingine anasukuma mwenyewe. Kuvuta dawa bado ni kazi yangu. Kipimo hatumwachii mtoto. Bado anahesabu mpaka kumi, lakini kimoyomoyo, kwa sababu anasema yeye si mtoto tena. Mimi ninahesabu kwa sauti.

Mama ambaye mtoto wako, mume wako au mama yako anapigwa insulini: leo jioni paka vidole sabuni, fumba macho, upapase pale mnapochoma kila siku, hasa pale pasipouma. Ukikuta uvimbe, usihame usiku huo kwa kipimo kile kile. Nenda kwanza kwa muuguzi wako na daftari mkononi.